Pamba Iliyoshuka

Mafundi wa nguo wamejaa mjini Emali kutoka steji ya matatu hadi kwenye reli, na suruali ya kupunguza kiuno unaweza kumpelekea yeyote. Sare ya kwaya, gauni la harusi na koti la mchungaji ni jambo jingine. Hizo ni za Mwongeli, na wa kwanza kukuambia hivyo ni Mwongeli mwenyewe. Ana miaka hamsini na mitatu, mwili mkubwa, sauti ndogo, na hakubali lawama hata kidogo. Mteja akirudi kulalamika kwamba kwapa linabana, atasimamishwa mbele ya kioo, atageuzwa huku na huku, ataulizwa siku hizi anakula nini, kisha ataondoka akiomba msamaha. Kusema kweli, mara nyingi huwa ni mteja aliyenenepa. Hiyo ndiyo iliyomharibu Mwongeli: miaka thelathini ya kuwa sahihi.

Alizaliwa upande wa Mwingi, kwenye shamba la pamba la mama yake, Muthoki. Baba aliondoka mapema, kwa kifo au kwa miguu, wazee husimulia kila mmoja na lake. Mwongeli ndiye aliyebaki na kazi ya kumbeba mgongoni mdogo wake Kaveke, aliyezaliwa yeye akiwa na miaka kumi na minne. Alimbeba akichuma pamba, akichota maji, hata akienda kanisani. Alipoolewa Emali na fundi wa pampu za maji, Kaveke alilia wiki nzima, na Mwongeli husema yeye hakulia. Hapo nina mashaka.

Sasa Kaveke ana watoto wawili, hana mume, na anafanya kazi Kibwezi kwenye ghala linalopakia mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, na bamia za kwenda ng'ambo. Kazi yake iko kwenye chumba cha baridi. Nje kuna jua la Kibwezi, na kila mtu analijua. Ndani ni nyuzijoto tano, kutwa nzima, isipokuwa wanapotoka kupakia lori na kurudi. Wanawake kumi na wanne hufanya kazi humo, na walikuwa wakivaa chochote walichonacho: sweta mbili, koti la mume, jaketi la mtumba lenye jina la timu ya nchi wasiyoijua. Wanunuzi walipokuja kukagua hawakupenda. Walitaka jaketi za aina moja, zinazofuliwa kila wiki.

Msimamizi wa chumba hicho ni Wamaitha, mwanamke mfupi ambaye wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakafungua duka la vifaa vya ujenzi Kibwezi. Anajua Kikamba kuliko baadhi ya Wakamba, na hapendi maneno mengi kwa lugha yoyote. Kaveke alipomwambia ana dada fundi, Wamaitha alijibu kwa mkato. Dada atengeneze jaketi moja. Kaveke alivae mwezi mzima kazini. Likifaa, atatengeneza mengine kumi na matatu kabla ya msimu wa maembe, na baada ya hapo ghala halitatafuta fundi mwingine.

Mwongeli alikuwa hajawahi kushona jaketi la kujazwa ndani maishani mwake. Nani angeliagiza Emali? Lakini hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba aliyeshona koti la mchungaji lenye mabega hatashindwa na godoro lenye mikono.

Swali la kwanza lilikuwa ajaze nini, na kwake halikuwa hata swali. Chini ya kitanda chake kulikuwa na magunia matatu ya pamba. Muthoki alikufa mwaka juzi, siku chache baada ya kuvuna, kabla mnunuzi hajapita. Baada ya mazishi magunia yakaletwa Emali juu ya lori la mbuzi, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Kwa ajili ya Kaveke, Mwongeli akafungua moja. Alitoa mbegu kwa vidole, Jumapili tatu mfululizo baada ya ibada, akaichambua pamba mpaka ikawa nyepesi, kama mama yao alivyokuwa akifanya kwa mito ya wageni.

Akachukua kitambaa cha parachuti cha buluu kwa nje, kile laini cha nailoni kisichopitisha upepo, na kitambaa cha bitana kwa ndani. Hakukata karatasi ya kupimia. Yeye huchora kwa chaki moja kwa moja kwenye kitambaa, kipimo cha Kaveke anakijua kwa macho. Kisha akashona mistari ya kusimama, kutoka mabegani hadi chini, yenye upana wa kiganja. Kila fundi anajua kwamba mistari ya kusimama humpunguza mtu unene, na wanawake huipenda. Akaacha midomo ya mifereji iliyotokea kati ya mistari wazi kwa juu, akaijaza pamba ngumi kwa ngumi, akiisukuma na rula ya mbao mpaka chini. Ilipojaa aliifunga mabegani na kwenye kola.

Lilikuwa jaketi zuri, na siku Kaveke alipolivaa lilikuwa limetuna kote, mgongoni, kifuani, mabegani. Majirani walikuja kuligusa. Mwongeli alimfunga zipu mdogo wake mwenyewe, kama anavyofungiwa mtoto wa nasari.

Basi Kaveke akaenda nalo Kibwezi, na kila Jumapili dada akapiga simu.

"Iko na joto?"

"Iko na joto."

"Mabega?"

"Kila mahali. Iko sawa kabisa."

Mwisho wa mwezi Wamaitha naye aliuliza, akajibiwa vivyo hivyo, akaliangalia jaketi kwa nje likiwa mwilini, akaagiza yaliyobaki. Mwongeli alitoa ushuhuda kanisani. Alimpigia binamu yake kule Mwingi amtafutie magunia mengine mawili ya pamba kwa majirani. Usiku huo alilala akipanga kununua cherehani ya pili.

Kilichobaki ni kupata kipimo. Kwa kuwa hakuwa amekata karatasi, alihitaji jaketi lenyewe alitandaze na kulichora. Alimwomba Kaveke alilete. Kaveke akasema wiki hii kuna kazi nyingi. Akasema tena mtoto ana homa. Mara ya tatu akasema amelianika halijakauka, na hilo, kumbe, lilikuwa kweli. Hatimaye Jumamosi moja alikuja nalo kwenye mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza ya kukatia, hakuketi hata kunywa chai. "Wacha nikimbie soko nichukue vitunguu kabla ziishe," alisema. Vitunguu haviishi Emali. Mwongeli hata hakulifikiria hilo, alikuwa tayari anafungua mfuko.

Mkono ndio uliojua kwanza. Fundi akishika nguo hupima uzito wake bila kutaka, na nguo hii ilikuwa na uzito wote upande mmoja. Aliinyanyua kwa mabega, na pindo likaning'inia zito na kuvuta kila kitu chini. Akaishika kwa vidole viwili begani: kitambaa cha nje kiligusana na bitana, katikati hapakuwa na kitu. Akaenda nayo mlangoni, akaielekeza kwenye jua. Mwanga ulipita mabegani, ukapita nusu ya juu ya mgongo, ukaja kukwama karibu na kiuno. Kutoka hapo kwenda chini pamba ilikuwa imekusanyika mabonge mabonge, magumu kama viazi, na bado yalikuwa na unyevu.

Akaona na jambo lingine. Kwenye mabega, kwa ndani, kulikuwa na mshono usio wake. Uzi mweupe juu ya bitana ya buluu, hatua ndefu za sindano, moja imeenda kushoto, nyingine kulia, mshono wa mtu ambaye hajawahi kufundishwa kushika sindano. Mwongeli alichukua wembe akaukata. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya sweta ya shule ya kijani, kila kimoja kimekunjwa mara mbili na kuwekwa juu ya bega. Aliijua ile sweta. Ni yeye aliyemnunulia mtoto wa Kaveke.

Aliketi. Aibu ndiyo iliyotangulia, aibu ya fundi, ya kuona mtu asiyejua kushona amelazimika kurekebisha kazi yake kwa siri. Hasira ikafuata, nayo haikuwa na pa kwenda, ikarudi. Mwisho akamfikiria Kaveke amesimama kwenye nyuzi tano na vipande vya sweta ya mtoto mabegani, kisha Jumapili akiulizwa kwa simu kama kuna joto.

Kaveke aliporudi na vitunguu vyake alisimama mlangoni. Aliona vile vipande vya kijani juu ya meza, akaweka mfuko chini polepole.

"Tangu lini?" Mwongeli aliuliza.

"Tangu nifue mara ya kwanza."

"Hiyo ni wiki gani?"

"Ya kwanza." Kaveke alikohoa, akafuta mdomo. "Ikishika maji haiachi. Tukitoka kupakia lori joto inaipiga, inakuwa na umande, tukirudi ndani ile umande inakuwa baridi. Naanika siku tatu na bado."

"Na Wamaitha ukamwambia iko sawa."

"Nilimwambia."

Palikuwa na swali moja lililobaki, na wote wawili walilijua. Mwongeli hakuliuliza. Aligeuka akaanza kupanga mikasi ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Kaveke aliaga akaenda zake.

Jumapili Mwongeli hakuimba kanisani. Jumatatu asubuhi alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kiburi angefanya: alijaribu kuokoa pamba. Aliifumua mistari ya kusimama, akatoa mabonge, akayachambua upya, akashona mifereji ya kulala, inayokwenda kutoka ubavu hadi ubavu, myembamba ya vidole vinne. Sasa pamba haikuwa na pa kuteremkia. Kila mstari ulikuwa sakafu ya mfereji ulio juu yake. Akalifua jaketi, akalikamua, akalianika. Pamba haikushuka. Lakini ndani ya kila mfereji ilijikunja ikawa kamba, ikaacha utupu juu yake, na jioni ilikuwa bado inadondosha maji. Pamba iliyochambuliwa kwa vidole haina kinachoishikilia nyuzi kwa nyuzi. Kwenye mto hilo si neno, mto haufuliwi kila wiki. Muthoki alikuwa sahihi kwa mito.

Angeweza kunyamaza. Nieleweke vizuri: hakuna aliyejua. Kaveke asingesema, oda ilikuwa imeshatolewa, na wanawake wengine kumi na watatu wangechukua mwezi au miwili kabla ya kuanza kunung'unika. Fundi ambaye ana jibu kwa kila mteja angepata la kuwajibu. Lakini wenzake Kaveke nao wana watoto wenye sweta. Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia, na Mwongeli akavaa nguo zake za kanisani siku ya Jumanne akaenda Kibwezi.

Wamaitha alimpokea nje ya chumba cha baridi, kalamu mkononi. Mwongeli hakuzunguka. Alitandaza jaketi juu ya kreti za mishiri, akamwonyesha mahali pamba ilipokuwa, akamwambia ilikoshukia na kwa nini, na kwamba akishona kumi na matatu ya namna hii atakuwa ameshona mifuko ya maji. Hakutaja sweta.

Wamaitha alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini Kaveke alivaa hii mwezi mzima," alisema. "Akaniambia iko sawa."

"Alisema hivyo kwa sababu yangu."

"Najua ni kwa sababu yako. Mimi niliandikia wakubwa kwa sababu yake." Alifunika kalamu. "Fundi, sina shida na wewe. Umekuja mwenyewe. Tengeneza ingine, nakupa wiki mbili. Lakini hiyo hatavaa Kaveke. Nitavaa mimi. Neno lake kwa hii mambo siwezi tumia tena."

Aliyasema bila ukali, ndiyo maana yaliuma. Kupitia pazia la plastiki Mwongeli alimwona mdogo wake akiinua kreti, mabega yamepanda juu kuelekea masikioni kama ya mtu anayenyeshewa. Hakuingia kumsalimia. Alipofika nyumbani hakukumbuka alivyorudi.

Siku ya soko Emali alikwenda kwa Irungu, muuza mitumba ya makoti, ambaye humtania kila anapopita kwamba siku moja atakuwa mteja wake. Siku hiyo ikawa imefika.

"Fundi mkubwa! Leo umekuja kununua nguo ya mzungu?"

"Nipe jaketi ya baridi yenye imefuliwa mpaka ikachoka. Mbovu kabisa."

"Mbovu? Wewe ni wa kwanza kuniuliza mbovu." Irungu alichimba kwenye rundo akatoa moja jeusi, zipu imekufa, mikono imepauka. "Hii imefuliwa na watu watatu. Ya nini?"

"Nataka kuipasua."

"Haya, mganga hajigangi," Irungu alisema akicheka, na Mwongeli, kwa mara ya kwanza kwa siku kumi, akacheka pia.

Aliifungua mshono kwa mshono juu ya meza yake. Ndani hamkuwa na pamba wala kitu cha kujaza kwa ngumi. Mlikuwa na faiba, zile nyuzi laini za kiwandani, lakini si ile ya kutawanyika inayotiwa kwenye mito. Ilikuwa shuka zima la faiba, nyuzi zimegandishwa pamoja, linakatwa kwa mkasi kama kitambaa. Lilikuwa limelazwa kati ya nje na bitana, likashonwa pamoja nazo kwa mistari ya kulala. Pembeni kote ncha za shuka zilikuwa zimebanwa ndani ya mshono wa ubavuni na wa begani. Mishono ililishikilia kila upande. Watu watatu walilifua, na lilipoelekezwa kwenye jua mwanga wake ulikuwa sawasawa juu na chini.

Faiba hiyo ya shuka, inayouzwa kwa rola, Mwongeli aliiagiza kutoka kwa muuza vifaa vya duveti, unene wa aina mbili. Safari hii hakuamini macho yake wala ya mtu. Alikata vipande vinne vya mraba, vya ukubwa wa sahani, akavishona kama vijijaketi: kimoja cha pamba, kimoja cha faiba ya mito, kimoja cha shuka jembamba, kimoja cha shuka nene. Akavifua kwenye beseni mara tano, akavikamua kwa nguvu zote. Cha pamba kilibaki kizito mpaka kesho yake. Faiba ya mito ilikauka haraka lakini ikakimbilia kona moja. Vya shuka vilikauka kabla ya saa sita mchana na havikusogea. Lile jembamba lilikuwa jepesi mno kwa mgongo wa chumba cha baridi, na lile nene, alipolizungusha mkononi na kujaribu kukunja kiwiko, lilikataa kama gunia. Mtu anayeinua kreti kutwa anahitaji viwiko. Akaamua: nene mwilini, jembamba mikononi.

Kushona nako kulikuwa na ukaidi wake. Paneli ya kwanza ya mgongo aliikata kwa kipimo halisi, na alipomaliza mistari, paneli ilikuwa imepungua vidole viwili, kwa sababu kila mstari hula kitambaa kidogo ukikizamisha kwenye faiba. Akajifunza kukata kubwa, kushona mistari kwanza, kisha kuchora na kukata umbo baadaye. Paneli ya pili ilijipinda. Mguu wa cherehani ulikuwa ukisukuma kitambaa cha juu mbele na kuacha cha chini nyuma. Akalegeza kibano cha mguu, akaongeza urefu wa hatua, akatandika tabaka zote mezani na kuzishika kwa mishono mirefu ya mkono kuanzia katikati kwenda nje kabla ya kwenda kwenye cherehani. Kisha akashona mistari yote kwa mwelekeo mmoja, bila kugeuza, hata mguu wake mwenyewe, unaokanyaga cherehani, ulipolalamika. Paneli ya tatu ilitoka tambarare. Ila nyuzi ndogo za faiba zilichungulia kwenye matundu ya sindano upande wa bitana, kama ndevu za kijana. Akabadilisha sindano akaweka nyembamba, akaongeza kati ya faiba na bitana tabaka la kile kitambaa chepesi cha barakoa. Ndevu zikaisha.

Jaketi lilipokamilika, Wamaitha alilivaa siku kumi. Alilifua mwenyewe mara nne, na ninavyomjua, alilifua kwa nia mbaya. Siku ya kumi na moja akapiga simu.

"Imekaa."

"Mabega?"

"Nimekuambia imekaa. Anza kushona. Anza na ya Kaveke. Kifua yake si nzuri."

Kwa hiyo Jumamosi Kaveke alisimama tena katikati ya kibanda cha dada yake kupimwa. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu siku ya vitunguu. Mwongeli alimvalisha jaketi jipya, akazunguka nyuma ambako uso wake hauonekani, na hapo ndipo alipopata nguvu ya kuuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile ulikuwa unanifunga zipu. Unakumbuka vile ulisema? Ulisema sasa ni kama mama amenishika." Kaveke alisema kwa Kikamba, polepole, akiangalia mlango. "Ningekuambia nini, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu? Kwamba mama ni baridi?"

Mwongeli anakumbuka mikono yake ilikuwa kwenye mabega ya jaketi na kwamba mabega yalikuwa yamejaa. Aliyabonyeza, akateremka mgongoni akibonyeza kila mfereji, mmoja mmoja, kama daktari. Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Alipofika chini akarudi mbele, akasimama uso kwa uso na mdogo wake.

"Twende hapo nje kwa friji ya muuza nyama," alisema. "Uweke mwili ndani, uniambie ukweli."

Walikwenda. Muuza nyama alifungua friji yake kubwa huku akishangaa, na Kaveke akainama ndani mpaka kiunoni, akakaa hivyo, mikono imekunjwa, matumbo ya mbuzi yakimtazama. Mwongeli alisimama nyuma yake. Watu walianza kukusanyika. Dakika zilipita nyingi kuliko ilivyofaa kwa friji ya mtu.

"Haya. Kuna joto?"

"Iko." Mwongeli aliona mgongo wa Kaveke ukikaza, mgongo aliokuwa ameubeba, akajua kwamba anatafuta namna ya kusema au namna ya kutosema.

"Sema."

"Hapa kwapani," Kaveke alisema ndani ya friji. "Kuna upepo unapita. Kidogo, lakini uko."

Lilikuwa kosa la Mwongeli tena. Alipokuwa akipunguza faiba kwenye mshono wa mkono ili usiwe mnene, mkasi ulikuwa umepita mbali kuliko mshono, na shuka halikufika kwenye uzi. Alilielewa papo hapo, mbele ya muuza nyama na nusu ya Emali. Hakumgeuza mtu mbele ya kioo wala kumuuliza anakula nini.

"Vua," alisema, akanyoosha mkono kulipokea, na hakuna aliyewahi kumwona akifurahi hivyo kwa kuambiwa kazi yake ina tundu.